Silabi ya Sita

Kaka yake Mwalimu alikuwa na msimamo mmoja tu kuhusu kupasha sauti moto kabla ya kuimba, nao ulikuwa huu: "Mimi si gari la dizeli."

Alikuwa fundi bomba, na mji mzima ulimwita Koki. Aliimba besi. Kila Alhamisi, kwaya ilipokutana katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, Koki alifika kwa wakati, akaegesha baiskeli yake ukutani, akakaa kizingitini na mkoba wake wa spana, akasubiri wenzake wamalize mazoezi ya sauti. Wakimaliza, aliingia, akasimama mwisho wa safu ya besi, akaimba vizuri. Hilo la kuimba vizuri ndilo lililomuudhi dada yake kuliko yote.

Dada mtu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Mchana alishona mashuka na magauni ya wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, mahali ambapo mashine za kukaushia nguo zinaunguruma kutwa na kila mtu anazungumza kwa kupiga kelele. Pengine huko ndiko alikojifunza thamani ya pumzi. Kwaya yake haikuwa na kinanda. Ilikuwa na yeye, kifilimbi kidogo cha kupimia sauti alichokivaa shingoni kwa uzi wa kushonea, na mashairi yake.

Mashairi hayo aliyatunga mwenyewe, na hayakuwa marefu. La kwanza lilikuwa la pumzi:

*Pumzi si yangu,*
*ni yako, Mungu;*
*naipokea,*
*nakurudishia.*

Liliimbwa lote kwa noti moja ya chini, kwa pumzi moja. Unasimama miguu imeachana kidogo, mkono mmoja chini ya mbavu. Unavuta hewa kwa pua kimyakimya, mabega yametulia, mbavu ndizo zifunguke. Kisha unaimba. Mwalimu anaanza peke yake, kwaya inamjibu ikiwa nusu sauti juu yake, ngazi moja ndogo tu ya muziki, mara mbili kwa pumzi moja. Halafu nusu sauti tena, mara tatu. Mstari wa nne ulizidi wa tatu kwa silabi moja, na watu wapya walidhani Mwalimu alikosea mizani. Hakukosea. Silabi ile ya sita aliiweka pale makusudi, kwa sababu pale ndipo pumzi huisha, na mwimbaji hujulikana pale pumzi inapoisha. Mvivu aliimba "nakurudishi" akaishia hapo, akitumaini kwamba sauti ya jirani itamfichia aibu. Mwalimu alikuwa na sikio la kuwasikia hata wakiwa ishirini.

La pili lilikuwa la irabu, kila mstari na irabu yake:

*Baba, kaa hapa.*
*Wewe, wewe pekee.*
*Mimi ni hivi hivi.*
*Roho, moyo, koo.*
*Mungu tu. Mungu tu.*

Hapo taya lilegezwe kwenye *a*, kwenye *i* usibane koo kama unayemwita paka, na kwenye *o* na *u* midomo iviringike. Kinyozi, mwenzake Koki katika besi, alipenda sana "Mimi ni hivi hivi." Alisema ni sala pekee aliyowahi kuiomba bila kuongeza chumvi.

Na la tatu lilikuwa la kupanda na kushuka: *Nipandishe, Baba, nishushe*. Silabi tano unapanda nazo ngazi, "Ba" ikiwa kileleni, na nne unashuka nazo, kisha unaanza tena nusu sauti juu, mpaka soprano waanze kutazamana. Hapo Mwalimu aliwarudisha chini. Hakuwa mkatili. Alikuwa mwalimu tu.

Basi kwaya ilikwenda hivyo miaka mingi, mpaka Koki alipochaguliwa mzee wa kanisa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika kikao chake cha kwanza kabisa, Koki alisimama, akavua kofia, akatoa hoja kwamba si halali kulitumia jina la Mungu kunyooshea koo. "Jina la Mungu si kamba ya kuruka," alisema. "Mtu akisema 'Baba, kaa hapa' awe anamtaka Baba akae. Hawa wanataka taya lilegee."

Wazee walikuna ndevu, na wasio na ndevu wakakuna mashavu. Mwalimu aliitwa ajieleze. Alisema sala na pumzi hutoka mdomo mmoja, na hajui mtu aombaye bila kuvuta hewa. Katibu wa wazee, mtu mwembamba aliyekuwa na utaratibu kwa kila jambo mpaka kupiga chafya, alisema hoja ni nzito, haiwezi kuamuliwa kwa papara. Iahirishwe mpaka kikao kijacho. Kwa sasa, mashairi yasimame.

"Na tutapasha sauti na nini?" Mwalimu akauliza.

"Sauti zisizo na maana," Katibu akasema. "Ziko nyingi."

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata kwaya iliimba *mi, me, ma, mo, mu*. Walikuwa watu wazima, wenye biashara zao na wajukuu. Alto walianza kucheka. Waimbaji wa teno walicheka kwa sababu alto wamecheka. Besi walipiga miayo, ambayo kwa kweli nayo ni mfunguo mzuri wa koo, lakini Mwalimu hakuwa katika hali ya kushukuru. Wakaingia katika wimbo wa Jumapili. Walipoumaliza, Mwalimu alipuliza kifilimbi chake kupima. Wimbo ulikuwa umeporomoka nusu sauti nzima toka walipoanzia. Pumzi ikikosa mhimili, sauti hushuka, na aimbaye huwa wa mwisho kujua.

Koki, pale mwisho wa safu, alikisikia kifilimbi. Alikuwa na sikio zuri, hilo walizaliwa nalo wote wawili. Akatazama dari.

"Umesikia?" Mwalimu alimuuliza walipotoka.

"Nimesikia kwaya isiyofanya mazoezi nyumbani."

"Kaka, ondoa hoja yako."

"Mdogo wangu, hoja si nepi, kwamba ikilowa unaiondoa."

Alipanda baiskeli yake akaenda. Mwalimu alibaki na hasira za kumtosha hata kesho yake. Aliposhona mashuka siku ile, alivunja sindano mbili.

Haukupita muda mrefu, Koki aliitwa kwenye jengo moja la ghorofa kurekebisha tangi la juu. Akiwa katikati ya ngazi, na mkoba wa spana begani, aliketi. Mwenye nyumba alidhani anapumzika. Alipomsogelea akaona midomo imebadilika rangi na kifua kinapanda na kushuka kwa haraka bila kuingiza kitu cha maana. Wakamkimbiza hospitali ile ile anakoshona dada yake. Daktari alisema mapafu yamechoka: miaka ya vumbi la saruji, moshi wa kuchomelea, na sigara ambazo Koki alidai aliziacha, ingawa hakutaja lini.

Mwalimu alipandisha ngazi za wodi na nyuzi nyeupe zimemganda kwenye gauni. Alimkuta kaka yake ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, amejifunika shuka ambalo dada yake mwenyewe alilipinda ukingo. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mchangamfu aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko saa, alikuwa akimwelekeza.

"Mzee, tatizo si kuingiza hewa, ni kuitoa. Ya zamani imekwama ndani, mpya itakaa wapi? Vuta kwa pua, polepole. Sasa toa kwa mdomo, midomo umeibana kidogo, kama unapoza chai. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta."

"Chai yenyewe iko wapi?" Koki akauliza, pumzi ikimkatika mara tatu.

"Hakuna chai, mzee. Ni mfano."

"Basi napoza nini?"

Mtaalamu alimtazama Mwalimu kwa macho ya kuomba msaada, akaenda kitanda cha pili. Koki alijaribu mara moja, akakohoa, akasema huo ni mchezo wa watoto. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwalimu alivuta kiti. Alikuwa bado amemkasirikia, lakini kifua kile kikipapatika namna ile kilimtia hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

"Kaka, hiki anachokifundisha ndicho ninachokifundisha Alhamisi. Imba."

"Bila Jina," Koki akasema mara moja. Pumzi za kubishana alikuwa nazo.

"Basi tia maneno yako. Mradi yawe marefu kiasi kile, na uyaimbe kwa pumzi moja."

Koki akafumba macho. Mwalimu alidhani amelala. Kumbe alikuwa akitunga. Kisha, kwa sauti ya chini iliyokuwa nusu ya sauti yake ya kawaida, akaimba:

*Bomba si langu,*
*ni la jirani;*
*nalifungua,*
*nalifungia.*

Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi.

"Mstari wa mwisho una silabi tano," Mwalimu akasema. "Wangu una sita."

"Wako unavuja," Koki akasema. "Bomba langu halivuji."

Lakini aliimba. Kila Mwalimu alipopanda ngazi wakati wa mapumziko yake, kaka mtu aliwekwa sawa kwenye mito yake, akatia mkono chini ya mbavu, akaimba habari za bomba la jirani. Mwanzoni alikatika kwenye "jirani." Kisha akafika "nalifungua," akabaki amelifungua, maji yakimwagika, mpaka avute hewa nyingine. Wauguzi walilijua shairi. Mtaalamu wa mazoezi aliuliza kama anaweza kulitumia kwa wagonjwa wengine, na Koki akamruhusu kwa ukarimu mkubwa kama mwenye mali. Siku alipolimaliza lote kwa pumzi moja, daktari alimruhusu aende nyumbani.

Mwalimu alikunja shuka la kitanda kile kwa mikono yake, akiimba chinichini la irabu. Alipofika "Mimi ni hivi hivi," Koki, aliyekuwa akivaa viatu, akasema, "Hilo moja tu ndilo la kweli katika yote uliyotunga."

Ilikuwa sifa ya kwanza kumpa tangu walipokuwa watoto. Mwalimu aliibeba mpaka chumba cha kufulia.

Koki alirudi nyumbani kwa mkewe. Mkewe huyo, yaani wifi yake Mwalimu, alikuwa mwanamke wa maneno machache na sauti mbaya. Haikuwa siri. Kanisani aliimba kwa mwendo wake mwenyewe na kwa noti alizozijua yeye, na watu waliomkalia mbele walikuwa wamezoea. Mwalimu aliwahi kumkaribisha kwenye kwaya kwa adabu ya kifamilia, na wifi alikataa kwa adabu ile ile, na kila mmoja akamshukuru mwenzake kimoyomoyo.

Kikao cha wazee kikaahirishwa, kwa kuwa mtoa hoja ni mgonjwa, na Katibu alisema hoja haijadiliwi bila mwenyewe kuwapo. Kwaya ikaendelea na *mi, me, ma*. Nyimbo zikaendelea kuporomoka. Alhamisi moja Koki alikuja, amebebwa nyuma ya baiskeli yake mwenyewe na Kinyozi, akakaa kizingitini kama zamani, akasikiliza sauti zisizo na maana mpaka mwisho. Hakuingia. Kusimama kulimshinda.

Siku mbili baadaye Mwalimu alimfuata nyumbani. Alimkuta sebuleni, fulana safi, miguu kwenye kigoda. Alikuwa amedhoofu, mashavu yameingia ndani. Bafuni wifi alikuwa anafua. Mwalimu hakuzunguka mbuyu.

"Kaka, umesikia mwenyewe kwaya imekuwaje. Waambie wazee umeiondoa ile hoja. Neno moja tu."

Koki alimtazama kwa muda. Kisha akatazama mlango wa bafuni, ambako maji yalikuwa yakichuruzika, na kwa sekunde moja Mwalimu alidhani anataka kucheka.

"Nitaona," akasema.

"Utaona nini? Ulilazwa, ukapona kwa shairi langu."

"La bomba."

"La bomba ni langu! Umebadilisha maneno tu."

"Mdogo wangu, una haraka kama maji ya mvua. Nimesema nitaona."

Mwalimu alikataa chai, akaondoka. Hakuaga vizuri. Na hilo ndilo lililomkaa kooni baadaye, kwa kuwa kabla ya Alhamisi nyingine Koki alifariki, asubuhi, nyumbani kwake, amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

Msiba ni kazi, na kazi humsaidia mtu. Mwalimu alipokea wageni, alishona vitambaa vyeusi vya kwaya, alichagua wimbo wa kumsindikiza kaka yake. Lakini ndani alikuwa amemkasirikia maiti, jambo lisilo na adabu wala faida. Alimkasirikia kwa kufa na hoja yake mkononi. Alimkasirikia kwa ile "Nitaona," maana sasa ataona nini? Aliwaza kwamba katika maisha yao yote kaka yake hakupokea kitu hata kimoja kutoka kwake, na hata pumzi alipoihitaji aliipokea kwa sharti kwamba isiwe yake.

Asubuhi ya maziko, kwaya ilikusanyika katika ukumbi wa nyuma. Kulikuwa na baridi, na wengi walikuwa wamelia, na hakuna kitu kinachokaza koo kama kilio na baridi vikija pamoja. Mwalimu alipotaka kuwapanga, Katibu akaingia, koti limefungwa vifungo vyote.

"Pole tena, Mwalimu. Nimekuja kukumbusha. Yale mashairi, hoja yake bado iko hai."

"Mwenye hoja amekufa."

"Ndiyo maana. Kumpashia sauti marehemu kwa maneno aliyoyakataa mwenyewe, tena siku yake, kusingependeza."

"Na *mi, me, ma*?"

Katibu alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Watu wako msibani pale mbele," akasema. "Wakisikia *mi, me, ma* watadhani tumechanganyikiwa."

Kwa hiyo kwaya ikaingia kanisani koo zikiwa baridi. Sanduku lilikuwa mbele, na juu yake wameweka kofia ya Koki. Katika safu ya besi, mwisho kabisa, nafasi yake ilikuwa wazi. Hakuna aliyewaambia waiache. Waliiacha tu, na Kinyozi aliegemea upande mwingine kana kwamba kuna mtu wa kumpisha.

Wimbo ukatangazwa. Mwalimu akasimama mbele ya kwaya, mgongo kwa watu, akainua mkono wa kushoto. Wa kulia ukapeleka kifilimbi mdomoni.

Hakikulia.

Akajaribu tena. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewafundisha watu wazima ishirini kufungua mbavu, mbavu zake mwenyewe zilikuwa zimefunga kama duka la mtu aliyehama. Hewa ilifika kooni ikageuka. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, na aliyaona yamepanda, na hakuweza kuyashusha. Kwaya nzima ilimtazama mdomoni. Hawakuwa na noti. Nyuma yake kanisa lilinyamaza, kisha likanyamaza zaidi. Mtu akakohoa. Mwalimu aliwaza, kwa utulivu wa ajabu, kwamba atasimama pale mkono juu mpaka wamtoe kama wanavyotoa benchi.

Ndipo sauti ikatoka mbele, kutoka benchi la wafiwa. Ilikuwa sauti mbaya. Ilikwaruza kama mlango wa banda. Lakini ilikuwa chini, na ilikuwa imetulia kwenye noti moja, na haikutetereka.

*Pumzi si yangu,*
*ni yako, Mungu;*
*naipokea,*
*nakurudishia.*

Yote. Kwa pumzi moja. Mpaka *a* ya mwisho.

Ilikuwa wifi. Alikuwa ameketi, mtandio umefunika paji la uso, mkono mmoja chini ya mbavu. Na noti ile ya chini, ambayo hakuna mwanamke wa kawaida angeichagua, ilikuwa noti ya Koki.

Kwaya iliyofundishwa haifikiri. Imesikia sauti moja ikianza, imejibu, nusu sauti juu, mara mbili kwa pumzi moja. Hakuna aliyewaagiza. Besi waliingia kwanza, Kinyozi akiwa mbele yao, machozi yanamtiririka na taya limelegea vizuri kabisa. Katibu aliinuka nusu, akatazama sanduku, akatazama mjane, akaona hakuna utaratibu wowote unaohusika na jambo hili, akaketi. Nusu sauti tena. Mara tatu. Sasa watu wa benchi za nyuma walikuwa wanaimba pia, maana maneno yenyewe si magumu, na mtu aliyefiwa hahitaji kuelezwa maana yake.

Mwalimu alisikia mbavu zake zikifunguka. Hakuzifungua yeye. Hewa iliingia kwa pua, mabega yakashuka yenyewe, na pumzi ya nne ilipofika alikuwa ndani yake, anaimba pamoja nao, na silabi ya sita aliishika muda mrefu kuliko alivyowahi kumruhusu mtu yeyote kuishika. Kisha akapuliza kifilimbi, kikalia, na kwaya ikamwimbia Koki wimbo wake mpaka mwisho. Baada ya maziko Mwalimu alikuja kugundua kwamba hakuupima. Hakukuwa na haja. Wimbo uliishia pale pale ulipoanzia.

Walipotoka makaburini, Katibu alimsogelea. Alisema amefikiri, na kwa kadiri anavyoona, hoja iliyokosa mtoa hoja, na ambayo mjane wa mtoa hoja ameivunja mbele ya sanduku la mtoa hoja, itakuwa imejifunga. Ataliweka hilo mbele ya wazee. "Tena," akaongeza, akatazama viatu vyake, "lile la 'Mimi ni hivi hivi' mtalirudisha lini?"

"Alhamisi," Mwalimu akasema.

Nyumbani kwa marehemu, wageni walipopungua, alimkuta wifi yake uani, anakung'uta mkeka. Walishika ncha mbili za mkeka ule wakaukunja pamoja bila kusema kitu.

"Wifi," Mwalimu akaanza, "ulilijulia wapi?"

"Bafuni."

"Bafuni?"

"Tangu atoke hospitali. Kila asubuhi anaingia, anafungua bomba ili nisisikie. Mtu na ufundi wake wote wa mabomba, hajui kwamba mlango ule haufungi vizuri." Akaupiga mkeka kofi moja, vumbi likatoka. "Mwanzo alikuwa anakwama kwenye 'naku.' Halafu 'nakuru.' Akikwama anaanza upya. Nami huku nje nikawa namsaidia kimoyomoyo, mwisho nikalijua. Juzi, asubuhi ile, alilimaliza. Akatoka na taulo shingoni, anaona raha kama mtoto. Akaenda kukaa kitandani."

Mwalimu alishika mkeka uliokunjwa kifuani.

"Alilimaliza lote?"

"Lote. Na kale ka mwisho, unakokapenda wewe. Akaniambia, 'Jumapili namwambia yule mtoto kwamba silabi yake ni sawa. Usimwambie kabla yangu, atavimba kichwa.'"

"Lakini kwangu aliimba la bomba. Mpaka siku ya mwisho. Analitetea bomba lake hapo hapo sebuleni!"

Wifi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesoma sana.

"Ah, wifi yangu," akasema. "Lile la bomba lilikuwa la wageni."

Mwalimu alicheka mpaka akaishiwa pumzi, na kicheko kilipoisha akakuta chini yake kuna kilio, akakilia chote. Wifi alimshikia mkeka. Kisha Mwalimu akafuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta hewa nyingine kwa pua, polepole, mabega yametulia, kama anavyofundisha.